Taa, TV na kufuli kutoka kwenye saa ya mkononi: jinsi ya kuviunganisha, na pa kutazama amri isipofika

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nimebonyeza kwenye saa, taa haijawaka. Saa ni mbovu?" Karibu kila mara saa ni nzima. Kilichokatika ni njia iliyo kati ya saa na taa, na njia hiyo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Nimechoka kueleza kwa simu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeiandika yote hapa.

Nitatumia mfano mmoja tu, kwa sababu ndio ninaoufunga mara nyingi hapa Dar es Salaam: saa ya Wear OS, simu ya Android, taa za Wi-Fi zinazotumia programu ya Smart Life, TV ya Google TV, na kufuli la mlango linalotumia programu ya TTLock. Kama una iPhone na Apple Watch, programu utakayotumia ni Home, na vifaa vyako lazima viwe vimeandikwa kwamba vinakubali Apple Home au Matter. Ukitaka kuvitawala ukiwa nje ya nyumba, utahitaji pia Apple TV au HomePod inayobaki nyumbani. Majibu mengine mengi ya chini huko yatakufaa vilevile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Anza na saa, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Fungua orodha ya programu kwenye saa yenyewe, si kwenye simu, utafute Play Store. Ikiwepo, endelea kusoma. Isipokuwepo, huu mwongozo hautakusaidia. Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 na zilizofuata zinayo, na Pixel Watch pia. Galaxy Watch3 na Active2 hazina, kwa sababu zinaendeshwa na mfumo mwingine uitwao Tizen. Zile saa za bei nafuu zenye kioo kikubwa, zilizotengenezwa zifanane na Apple Watch na kuandikwa "Ultra" kwenye boksi, hupokea ujumbe na simu, hubadilisha wimbo, hupiga picha kupitia simu, basi. Hakuna mpangilio wowote uliofichwa wa kuzifanya ziwashe taa. Kama muuzaji amekuambia upo, mwambie akuonyeshe palepale dukani kabla hujatoa hela.

Vingine ni hivi:

- Simu ya Android yenye akaunti moja ya Gmail utakayoitumia kila mahali. Moja, si mbili.
- Ruta inayotoa Wi-Fi ya 2.4 GHz. Taa nyingi za bei ya kawaida hazisikii 5 GHz kabisa.
- Taa yenye kitako kinachoingia kwenye holda yako. B22 ni ya pini mbili, E27 ni ya skrubu. Toa taa ya zamani uitazame kwanza, maana nyumba zetu nyingi zina zote mbili.
- Kama unaunganisha kufuli, kile kisanduku kidogo kinachosomeka `Gateway` kwenye programu. Bila hicho kufuli la TTLock linajua Bluetooth tu, na saa yako haitalifikia kwa njia hii.

Amri inapita wapi

Ukibonyeza kwenye saa, amri inakwenda kwenye simu kwa Bluetooth. Simu inaituma kwenye intaneti, inafika kwenye seva za Google, Google inaipeleka kwenye seva za kampuni inayohudumia taa, na kutoka huko inarudi nyumbani kwako kupitia ruta hadi kwenye taa. Wewe umesimama chini ya taa, lakini ujumbe umevuka bahari ukarudi. Ikienda vizuri, safari yote ni sekunde moja au mbili.

Kwa hiyo kuna vipande vitatu vya kuangalia: taa hadi seva yake, seva hiyo hadi Google, na Google hadi saa. Hatua zilizo hapa chini zinajenga kipande kimoja baada ya kingine, na kila kimoja unakijaribu kabla ya kwenda kinachofuata. Ukiunganisha vyote kwa mkupuo halafu isiwake, hutajua pa kuanzia.

Taa: hatua kwa hatua

1. Ingia kwenye mipangilio ya ruta. Kama 2.4 GHz na 5 GHz zina jina moja, zitenganishe, kwa mfano `Nyumbani` na `Nyumbani-5G`. Ulinzi uwe WPA2. Ukiuweka WPA3 pekee, taa nyingi zitakataa kuingia bila kukuambia sababu. Kama ruta yako haikubali kutenganisha majina, zima 5 GHz kwa dakika hizi za kuunganisha, kisha uirudishe.

2. Funga taa, uwashe swichi ya ukutani. Taa mpya huanza kupepesa yenyewe. Isipopepesa, izime na kuiwasha mara tatu kwa kasi ya kuhesabu moja, mbili, na uiache ikiwa imewashwa. Itaanza kupepesa baada ya sekunde chache. Kupepesa maana yake inatafuta Wi-Fi ya kujiunga nayo. Kumbuka hili, tutalirudia kwenye habari za umeme.

3. Simu iwe kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz, Bluetooth na huduma ya mahali ulipo ziwe zimewashwa. Fungua Smart Life, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua taa ikionekana, andika nenosiri la Wi-Fi. Herufi kubwa na ndogo zina maana, na nafasi iliyobaki mwishoni bila kukusudia ni kosa la kawaida sana.

4. Badilisha jina la taa sasa hivi. Ukiacha "Smart Bulb", "Smart Bulb 2", "Smart Bulb 3", kioo cha saa kitaonyesha herufi za mwanzo tu na zote zitafanana. Andika neno moja: Sebule, Jiko, Nje, Watoto.

5. Zima Wi-Fi ya simu, washa data ya laini, kisha iwashe na kuizima taa kutoka Smart Life. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo muhimu kuliko zote. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, simu inaweza kuongea na taa moja kwa moja kupitia ruta, hivyo taa ikiwaka haithibitishi kwamba inafika kwenye intaneti. Ikiwaka kwa data ya laini, kipande cha kwanza kimekamilika.

6. Fungua Google Home kwenye simu kwa ile Gmail yako moja. Bonyeza kuongeza kifaa, chagua `Works with Google Home`, tafuta Smart Life, ingia kwa akaunti uliyofungulia Smart Life. Taa zitatokea, zipangie vyumba. Zijaribu kutoka Google Home ya simu. Zikiwaka, kipande cha pili kimekamilika.

7. Kwenye saa, fungua Play Store, pakua Google Home, uifungue. Tazama akaunti iliyoonyeshwa. Iwe ileile. Kama saa uliiandaa kwa Gmail ya kazini na taa ziko kwenye Gmail ya nyumbani, utaona ukurasa mtupu na utadhani programu ni mbovu. Ongeza akaunti sahihi kwenye mipangilio ya saa.

8. Weka taa unazotumia kila siku kwenye vipendwa ndani ya Google Home ya simu, halafu kwenye saa ongeza kadi ya Google Home miongoni mwa zile zinazojitokeza ukitelezesha kidole kutoka kwenye uso wa saa. Bila hivyo utakuwa unafungua programu, unasubiri ipakie, unatafuta chumba, na kufikia hapo ungekuwa umeshafika kwenye swichi kwa miguu.

9. Kwenye simu, nenda kwenye mipangilio ya betri ya ile programu inayoiunganisha saa na simu, uchague `Unrestricted`. Simu nyingi za Android huua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji. Dalili yake ni kwamba saa inafanya kazi ukiwa umeshika simu, na inakatika simu ikilala mfukoni nusu saa.

10. Ifundishe saa Wi-Fi ya nyumbani. Simu ikiwa karibu saa hutumia Bluetooth, lakini ukiacha simu chumbani ukaenda uani, saa itahitaji Wi-Fi yake yenyewe. Angalia jina ulilochagua: Pixel Watch ya kwanza inasikia 2.4 GHz tu. Na Wi-Fi za hotelini au ofisini zinazokuletea ukurasa wa kujaza jina kabla ya kuingia, zihesabu hazipo. Saa haina pa kuufungulia ukurasa huo.

11. Weka namba ya siri kwenye saa. Ikishawekwa, saa hujifunga inapovuliwa mkononi. Kwa taa pekee unaweza kupuuza, kwa kufuli usithubutu.

Adui mkubwa wa taa janja ni swichi ya ukutani

Taa isiyo na umeme haisikii chochote. Mgeni akitoka sebuleni akazima swichi kama alivyolelewa, saa yako itasema `Offline` na ni kweli. Nimeona watu wakibandika selotepu juu ya swichi. Haipendezi lakini inafanya kazi. Wengine huamua kubadilisha swichi yenyewe iwe janja na kuacha taa za kawaida. Ni wazo zuri, ila fundi afungue kisanduku cha ukutani kwanza, kwa sababu swichi janja nyingi zinahitaji waya wa nyutro, na nyumba nyingi zimevutiwa waya wa moto tu hadi kwenye swichi.

Adui wa pili ni umeme unaorudi kwa kubabaika. Umekatika, umerudi, umekatika, umerudi, yote ndani ya sekunde kumi. Taa inaona hivyo na kudhani ni wewe unayeizima na kuiwasha mara tatu kwa makusudi, kama kwenye hatua ya 2. Inaanza kupepesa na kutafuta Wi-Fi mpya. Usikimbilie kuiunganisha upya. Izime ukutani, subiri dakika moja, iwashe mara moja tu. Baadhi hurudi kwenye Wi-Fi ya zamani zenyewe. Zisizorudi, rudia hatua ya 2 na ya 3, bila kuifuta taa kwenye programu kwanza, ili ibaki na jina na chumba chake.

Kuna na lile la saa tisa usiku: umeme unarudi na taa zote zinawaka kama harusini. Ndani ya Smart Life, kwenye mipangilio ya taa, tafuta sehemu inayohusu hali ya taa umeme unaporudi, uchague ibaki ilivyokuwa mwanzo. Si kila taa ina sehemu hiyo.

TV: kuzima ni rahisi, kuwasha ndiyo kazi

1. Ingia kwenye TV kwa Gmail ileile, TV na simu zikiwa kwenye ruta moja.
2. Fungua Google Home kwenye simu. Kama TV haijatokea yenyewe, iongeze kama kifaa kipya.
3. Izime kutoka kwenye saa. Itazimika.
4. Subiri dakika kumi, kisha ujaribu kuiwasha kutoka kwenye saa.

Usiruke zile dakika kumi. TV iliyozimwa sasa hivi bado iko macho kidogo, itawaka na utadhani umemaliza. Ikishalala usingizi mzito inakata mtandao wake ili kupunguza matumizi ya umeme, na hapo haisikii. Dawa iko kwenye mipangilio ya TV, chini ya umeme au mtandao: ruhusu mtandao ubaki hewani wakati TV imezimwa. Kila mtengenezaji ana jina lake. Samsung huandika `Power On with Mobile`, LG huandika `Turn on via Wi-Fi`. Kwingine tafuta maneno yenye `standby` au `wake`.

Baada ya hapo kuna desturi yetu ya kuzima TV kwenye soketi au kwenye gadi ya TV kila usiku. Sina ugomvi na desturi hiyo, umeme wetu una historia yake. Ila uchague: TV inayochomolewa haiwezi kuwashwa na saa. Na kama gadi yako ina kuchelewa kwa dakika kadhaa kabla ya kuachia umeme, basi kila umeme ukirudi TV itaonekana `Offline` kwa muda huo pamoja na ule wa kuwaka na kushika Wi-Fi. Usihangaike, subiri.

Kubadilisha chaneli sahau, kama unatazama kwa king'amuzi. Kwa TV, king'amuzi ni picha tu inayoingia kwa waya wa HDMI. Saa itazima TV, king'amuzi kitaendelea kuwaka peke yake hadi asubuhi.

Kufuli: hapa nenda polepole

Kabla ya yote, ufunguo wa chuma uliokuja na kufuli uhifadhi nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu au ofisini. Nimewahi kumkuta mtu amefungiwa nje, betri zimekwisha, na funguo zote mbili ziko kwenye droo ya chumbani.

1. Hakikisha kufuli linafanya kazi kwa Bluetooth kutoka kwenye programu ya TTLock ukiwa mlangoni.
2. Chomeka Gateway ndani ya nyumba, karibu na mlango. Mita tano ni vizuri. Ukuta wa zege au mlango wa chuma katikati hupunguza sana. Iunganishe na Wi-Fi ya 2.4 GHz.
3. Kwenye mipangilio ya kufuli, washa `Remote Unlock`. Usipoiwasha, amri zote za mbali za kufungua zitakataliwa hata kama mengine yote yako sawa.
4. Zima Bluetooth na Wi-Fi ya simu, baki na data ya laini, ufungue mlango kutoka TTLock. Ni jaribio lilelile la taa. Mlango uwe wazi wakati unajaribu, na wewe uwe ndani.
5. Unganisha TTLock kwenye Google Home kama ulivyounganisha Smart Life. Ukidaiwa kuweka namba ya siri ya kufungulia, iweke, na isiwe ileile ya kitasa.
6. Sasa jaribu kwenye saa.

Utagundua kufuli linachelewa kuliko taa. Linatumia betri, kwa hiyo muda mwingi limelala, na Gateway huliamsha kwa Bluetooth kila amri inapokuja. Sekunde tano hadi kumi si ajabu. Wakati mwingine Google huchoka kusubiri na kuandika kwamba imeshindwa, kumbe mlango umeshafunguka. Kosa la kawaida ni kubonyeza tena na tena. Bonyeza mara moja, hesabu hadi kumi na tano, kisha utazame kumbukumbu ndani ya TTLock. Humo imeandikwa ni saa ngapi mlango ulifunguliwa na kwa njia gani. Hiyo ndiyo ya kuamini, si maneno ya kwenye saa.

Lalamiko jingine: "Nimemfungulia mgeni kwa saa, yeye anasema mlango haujafunguka." Nenda kwenye mipangilio ya kufuli usome `Auto Lock`. Kawaida huwekwa sekunde 5. Kufuli la namna hii likifunguliwa halirudishi komeo lenyewe. Linaruhusu tu kitasa kishike, kwa sekunde hizo 5, halafu linajifunga. Mgeni aliyekuwa bado anaokota mizigo amekuta muda umepita. Mwambie ashike kitasa kwanza, ndipo ubonyeze, au ongeza muda hadi 10 au 15.

Mimi mwenyewe kwenye saa natumia kufunga na kutazama hali ya mlango. Kufungua naacha kwa alama ya kidole au namba za kwenye kitasa. Huo ni uamuzi wangu, wewe utakuwa na wako.

Amri ikikataa: majaribio matatu kwa mpangilio

Usifute kitu chochote. Usirudishe saa kwenye hali ya kiwandani. Fanya haya kwanza, kwa mpangilio huu:

1. Simu ikiwa kwenye data ya laini, Wi-Fi imezimwa, na kwa kufuli Bluetooth pia, tumia Smart Life au TTLock. Ikikataa, tatizo liko nyumbani: umeme, swichi, ruta, au bando la ruta.
2. Jaribio la kwanza likikubali, tumia Google Home ya simu. Ikikataa hapa, undugu kati ya Google na Smart Life umekatika. Rudi kwenye `Works with Google Home`, gusa Smart Life, chagua `Reconnect account`. Hutokea hasa baada ya kubadilisha nenosiri la Smart Life.
3. Hayo mawili yakikubali na saa pekee ikikataa, ndipo uitazame saa: Bluetooth, akaunti, hali ya kuokoa chaji, Wi-Fi yake.

Shemeji yangu wa Tabata alinipigia Ijumaa moja usiku. Taa zake nne zimekataa kwenye saa, zote zimeandikwa `Offline`, lakini kwenye simu, kwa Smart Life, zinawaka vizuri. Akahitimisha kwamba saa imekufa. Alikuwa ameshairudisha kwenye hali ya kiwandani mara mbili kabla ya kunipigia.

Nikamwambia, "Shem, zima Wi-Fi ya simu, acha data tu, halafu fungua Smart Life." Taa zote nne zikawa `Offline`. Akarudisha Wi-Fi, zikawaka. Jibu lilikuwa hapohapo: simu na taa zilikuwa zinaongea ndani ya nyumba kupitia ruta, na hakuna taa iliyokuwa inafika nje. Nikamwomba afanye kinyume, azime data ya laini, abaki na Wi-Fi, afungue ukurasa wowote wa habari. Haukufunguka. Ruta yake hutumia laini ya simu, na bando lilikuwa limekwisha jioni ile. Hakujua, kwa sababu Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kimyakimya kwenye data ya laini. Ujumbe wake wa WhatsApp ulikuwa unaendelea kuingia kama kawaida, na taa za ruta zinawaka kijani.

Akanunua bando. Baada ya kama dakika moja taa zikarudi hewani zenyewe. Ila saa ilikuwa imeshafutwa, kwa hiyo tulikaa kwenye simu nusu saa nyingine tukirudia hatua ya 7 hadi ya 11.

Maswali yaliyobaki

*Saa inaonyesha taa imewaka, chumba ni giza.* Saa inaonyesha habari ya mwisho iliyopewa. Mtu akizima ukutani, seva huchukua muda kugundua kwamba taa imetoweka. Funga programu, ifungue tena baada ya dakika moja au mbili.

*Taa moja tu inakatika, nyingine ziko sawa.* Umbali. Mara nyingi ni ile ya nje au ya choo cha uani. Peleka simu palepale chini ya taa, tazama vijistari vya 2.4 GHz. Kikibaki kimoja, sogeza ruta au ongeza kifaa cha kurefusha Wi-Fi. Taa ikiwa ndani ya kava ya chuma, mawimbi hupungua zaidi.

*Amri inafika, lakini inawaka taa isiyo yangu.* Kuna vifaa viwili vyenye jina moja, au umeunganisha taa ileile kwa njia mbili. Kama ni jina, badilisha la kimoja. Kama ni njia mbili, futa moja ndani ya Google Home, si ndani ya Smart Life.

*Kufuli linalia, halifunguki, saa inasema imeshindwa.* Betri kwanza. Badilisha zote nne kwa pamoja, alkalini, usichanganye mpya na za zamani. Kama betri ni mpya, vuta au sukuma mlango kwa mkono ukiwa unatoa amri. Ukifunguka, tatizo ni mbao. Huku pwani milango ya mbao huvimba wakati wa masika na komeo hubanwa kwenye fremu. Hapo anaitwa seremala.

*Nimebadilisha ruta, kila kitu kimekufa.* Usiunganishe taa moja moja. Ipe ruta mpya jina lilelile la Wi-Fi na nenosiri lilelile la zamani, herufi kwa herufi, 2.4 GHz ikiwa imewashwa na ulinzi ni WPA2. Zima taa ukutani, ziwashe tena mara moja. Zitajiunga bila kujua kwamba ruta imebadilika, na Gateway ya kufuli vilevile.